Kwa tumbusi, anza na mdomo. Ukubwa uuache mwisho

Kila msimu nyumbu wanapohama Serengeti na Mara, mitandao hujaa picha za mizoga, na chini ya kila picha kuna mtu anayeandika kwa uhakika: "Yule mkubwa ni ngusha, hawa wengine ni mgongo-mweupe." Mara nyingi sehemu ya kwanza ni kweli. Sehemu ya pili ndiyo inayonikera, kwa sababu katika "hawa wengine" huwa wamejichanganya tumbusi wa Rüppell kadhaa, na hakuna aliyehangaika kuwatazama mdomo.

Maoni yangu ni haya: watu wengi huanza na vitu viwili vinavyodanganya zaidi kwenye picha, yaani ukubwa na rangi ya kichwa. Mimi ningeanza na mdomo, kisha kola ya manyoya iliyo chini ya shingo, halafu ngozi. Ukubwa ningeutumia mwisho, tena kwa masharti.

Nieleze kwanza kwa nini siuamini ukubwa. Tumbusi mgongo-mweupe ana uzito wa kilo 4 hadi 7 hivi, na wa Rüppell ni kama kilo 7 hadi 9. Kwenye karatasi tofauti hiyo inatosha. Kwenye picha, mmoja amesimama juu ya mbavu za nyumbu na mwenzake amezama ndani ya tumbo hadi mabegani. Mmoja amefura manyoya kwa hasira na mwingine ameyalaza. Lenzi ndefu nayo huwabana wa mbele na wa nyuma waonekane wako mstari mmoja. Ndege aliye mita tano nyuma hupungua bila wewe kujua kwamba yuko nyuma. Ukilazimika kulinganisha ukubwa, linganisha wawili wanaogusana au wanaong'ang'ania utumbo mmoja, basi. Na gole likishajaa, kifua hutuna mbele na ndege hupata umbo jingine kabisa.

Rangi ya ngozi ya kichwa nayo ina matatizo yake. Tumbusi mdogo mwenye kofia ya manyoya laini kisogoni ana uso wa waridi uliofifia, lakini akigombana hujaa damu na kuwa mwekundu katika muda mfupi sana. Ngusha pia uso wake hukolea akichafukwa. Juu ya hayo kuna damu ya mzoga yenyewe: baada ya nusu saa ya kula, shingo ya kijivu na shingo nyeusi zote ni nyekundu, kisha zikikauka zote ni kahawia. Bado sijamtaja mpiga picha aliyekoleza rangi ili machweo yapendeze.

Mdomo unadanganya kwa nadra zaidi, kwa sababu hata rangi yake ikifunikwa na damu, umbo linabaki. Mwaka 1967 mtafiti Hans Kruuk alichapisha kazi yake kuhusu tumbusi wa Afrika Mashariki, na kilichoonekana ni kwamba wanaenda wawili wawili kwa namna ya kula. Ngusha na tumbusi kichwa-cheupe huchana ngozi na kano. Mgongo-mweupe na wa Rüppell huingiza shingo ndefu ndani na kuvuta nyama laini. Yule mdogo mwenye kofia na tumbusi wa Misri hudonoa makombo yaliyodondoka. Midomo yao imefuata kazi hizo. Ya ngusha ni dude nene kupindukia, inafika sentimita 10 kwa urefu. Ya wale wadogo ni myembamba kama koleo la fundi saa.

Ndiyo maana hao wanne hawanichukui muda. Ngusha mzima ana mdomo huo, kichwa kisicho na manyoya chenye mikunjo ya ngozi inayoning'inia pembeni, na manyoya meupe mapajani. Kichwa-cheupe ana mdomo wa waridi unaoelekea nyekundu, na pale penye matundu ya pua pana ngozi ya buluu hafifu. Hakuna tumbusi mwingine wa kwetu mwenye mchanganyiko huo. Tena akiwa mzima unaweza kujua jike na dume: jike ana manyoya meupe kwenye bawa, upande wa ndani, ambayo huonekana kama kiraka hata akiwa amesimama, na dume hapo ni mweusi. Wale wadogo wawili hutenganishwa na uso na kisogo. Wa Misri akikomaa ni mweupe mwenye uso wa manjano na manyoya yaliyotimka kisogoni, na mwenye kofia ni kahawia mwili mzima. Wakiwa wachanga wote ni weusi-weusi, na hapo tazama mkia: wa Misri ni kama kabari, wa mwenye kofia ni mfupi na butu.

Kazi iko kwa mgongo-mweupe na wa Rüppell. Hawa ndio wengi kwenye mzoga wowote wa maana, wote wana shingo ndefu na kola, na wote wanasukumana mahali pamoja. Ule mgongo mweupe wenyewe hauonekani mpaka ndege afungue mabawa, kwa hiyo usiusubiri.

Kanuni inayonisaidia ni hii: jua umri kwanza, ndipo usome rangi ya mdomo. Umri unausoma kwenye kola. Mzima wa aina zote mbili ana kola nyeupe ya manyoya mafupi yaliyofumka kama pamba. Mchanga ana kola ya kahawia, ya manyoya marefu membamba yenye ncha. Sasa njoo kwenye mdomo. Wa Rüppell aliyekomaa ana mdomo wa rangi ya pembe, manjano hafifu, unaong'aa hata picha ikiwa mbaya. Mgongo-mweupe ana mdomo mweusi tangu kiotani hadi uzeeni. Tatizo ni kwamba mtoto wa Rüppell naye ana mdomo mweusi, na unapauka taratibu kwa miaka. Huchukua kama miaka sita au saba kupata sura kamili ya utu uzima.

Kwa hiyo mdomo mweusi peke yake haukuambii kitu. Mdomo mweusi pamoja na kola nyeupe iliyofumka, huyo ni mgongo-mweupe, kwa sababu Rüppell wa umri huo angekuwa ameshapauka mdomo. Mdomo wa pembe, huyo ni wa Rüppell. Mdomo mweusi na kola ya kahawia yenye ncha, hapo hujajua bado, na ndipo wengi huandika "mgongo-mweupe" kwa mazoea.

Chukua picha ya kawaida: nyumbu amelala ubavu, tumbo limefunguliwa, tumbusi wamejazana. Kushoto kuna mmoja mwenye rangi ya maziwa karibu mwili mzima, na watu wanamwita Rüppell kwa sababu ni "mweupe na mkubwa". Vuta picha karibu. Mdomo ni mweusi, na mstari mweupe unaouona juu yake ni mng'ao wa jua. Kola ni nyeupe, imefumka. Jicho ni jeusi. Manyoya ya mabawa yana rangi moja, hayana magamba. Huyo ni mgongo-mweupe mzee. Hupauka kadiri umri unavyoenda. Sasa yule aliye nyuma yake, mwenye mwili wa giza ambao kila nyoya limepakwa ukingo mweupe kama mwezi mwandamo, tazama mdomo wake: pembe. Tazama jicho: manjano hafifu. Rüppell mzima, hana mjadala. Kwenye jicho angalia jambo moja tu. Tumbusi akipepesa, utando mweupe hupita juu ya jicho, na picha ikinaswa wakati huo hata mgongo-mweupe ataonekana ana jicho jeupe. Ukiwa na picha ya pili iliyofuata, ilinganishe kabla ya kusema.

Wa tatu, kulia, amechutama karibu na kwato. Mdomo mweusi, kola ya kahawia yenye ncha, mwili wa kahawia wenye michirizi. Hapa nenda kwenye manyoya. Mtoto wa mgongo-mweupe ana mwili wa giza wenye michirizi myembamba iliyokatwa vizuri. Wa Rüppell kahawia yake ni hafifu kidogo na michirizi ni mipana zaidi, haina makali. Lakini ushahidi ninaoupenda uko begani: tafuta nyoya moja au mawili mapya yaliyoota katikati ya yale ya zamani. Yakiwa na ukingo mpana mweupe nchani, wakati jirani zake bado yana mchirizi, basi Rüppell ameanza kuvaa nguo za utu uzima hata kama mdomo haujapauka. Ndege huyu analo nyoya kama hilo, moja, juu ya kiungo cha bawa. Namwandika Rüppell.

Mahali hapasaidii sana. Ni kweli wa Rüppell hutaga kwenye majabali, kama ya milima ya Gol mashariki mwa Serengeti au Hell's Gate kule Kenya, na mgongo-mweupe hutaga juu ya miti. Ila mtafuta mzoga husafiri mbali mno kwa siku moja, na kwenye mbuga wote wawili hukutana. Anayesema "huku hakuna Rüppell kwa sababu hakuna mlima" ajue hivyo.

Wapo wanaouliza kuna tofauti gani, wote si tumbusi? Mwaka 2015 wote wawili waliingizwa kwenye daraja la walio hatarini zaidi kutoweka, pamoja na kichwa-cheupe na yule mwenye kofia. Ngusha aliwekwa daraja moja chini yao. Sumu inayotegewa simba na fisi huua wengi kwa mzoga mmoja, na anayehesabu mizoga ya ndege baadaye anatakiwa kujua ni ya majabali gani au ya miti gani. Picha iliyoandikwa jina kwa mazoea inamharibia hesabu.

Kuna wa nne kwenye picha yetu. Kichwa kimo ndani ya nyumbu, kola imelowa damu na kujishikanisha, mgongo una vumbi. Michirizi inaonekana, lakini upana wake siwezi kuuamini kwa manyoya yaliyolowa. Huyo namwandika Gyps, jina la jenasi ya mgongo-mweupe na wa Rüppell tu, na kuendelea na picha inayofuata. Kuna mtu atakuja kuniambia ni mgongo-mweupe kwa sababu ndio wengi. Wingi wao naukubali, ila yeye aje na mdomo.