Kufupisha ujumbe kwa nusu: nini kibaki?

Ukiambiwa uandike upya ujumbe wa maneno 80 kwa maneno 40, ubishi huwa kati ya watu wa aina mbili. Wa kwanza hushika wazo kuu na kutupa vijambo vidogo, kama tulivyozoeshwa katika mazoezi ya ufupisho. Wa pili hung'ang'ania vijambo hivyo hivyo: siku, saa, "isipokuwa", "kabla ya". Hawa wa pili huonekana hawajui kufupisha. Naona wanaonewa, na nitaeleza kwa mfano.

"Habari zenu ndugu washiriki. Natumaini mu wazima na mnaendelea vizuri na shughuli zenu za kila siku. Kama mnavyofahamu, tulipanga kukutana Jumamosi saa tatu asubuhi katika ukumbi wa juu. Kwa bahati mbaya ukumbi huo unapakwa rangi, kwa hiyo baada ya kushauriana tumeamua kukutana Jumapili saa nane mchana katika ukumbi wa chini. Wale ambao hawajawasilisha fomu zao wanaombwa kuzileta kabla ya Ijumaa, isipokuwa waliokwisha kuzituma kwa barua pepe. Asiyeweza kufika anijulishe mapema ili nafasi yake apewe mwingine. Samahani kwa usumbufu wowote utakaojitokeza."

Mtu wa wazo kuu huandika: "Mkutano umeahirishwa kutokana na matengenezo ya ukumbi. Washiriki wote walete fomu na watoe taarifa wasipoweza kufika." Inasomeka vizuri, tena ni fupi kuliko alivyoombwa. Lakini hakuna anayeweza kuhudhuria mkutano huo, na neno "wote" ni uongo: aliyekwisha kutuma fomu kwa barua pepe sasa anadaiwa nyingine.

Haki yake nayo isemwe. Kama ujumbe ungekuwa hoja au kisa, au angeombwa mstari mmoja tu, njia yake ndiyo ingefaa. Ila nusu ni nafasi kubwa kuliko tunavyodhani. Mara nyingi maneno yanatosha kubeba karibu kila jambo; kinachopaswa kutoka ni namna ya kusema:

"Ndugu washiriki, mkutano wa Jumamosi sasa ni Jumapili saa nane mchana, ukumbi wa chini, wa juu unapakwa rangi. Fomu zifike kabla ya Ijumaa, isipokuwa zilizokwishatumwa kwa barua pepe. Asiyeweza kufika anijulishe mapema ili nafasi yake apewe mwingine. Samahani kwa usumbufu."

Maneno 40 kamili. Kilichokufa ni dua ya uzima, "kama mnavyofahamu", kushauriana kwao, na saa ya zamani.

Saa ya zamani imekufa, lakini Jumamosi nimeiacha, na hapo ndipo wengi hunipinga: siku iliyofutwa ina kazi gani? Mfikirie msomaji aliyekwisha kuandika Jumamosi kwenye kalenda yake. Akiona "mkutano ni Jumapili" peke yake, anaweza kudhani ni mkutano wa pili, akaja siku zote mbili. Neno moja, "Jumamosi", linamwambia ni upi uliohama. Kwa hiyo kipimo changu si ukubwa wa jambo. Ninaliondoa neno, kisha najiuliza kama kuna msomaji hata mmoja atakayetenda tofauti. Kwa kipimo hicho "kabla ya Ijumaa" haiwezi kuwa "hadi Ijumaa", kwani mwenye fomu ameongezewa siku nzima.

Kiswahili kina mtego wake hapa. Kuondoa "amba-" ni faida tupu mara nyingi: "fomu ambazo zilitumwa" ni "fomu zilizotumwa", wala hakuna kilichopotea. Mkono ukishazoea, utageuza pia "ambao hawajawasilisha" kuwa "wasiowasilisha". Umeokoa neno moja, lakini ile "-ja-" iliyosema kwamba bado wana nafasi imetoweka, na aliyechelewa kidogo sasa anasomeka kama aliyekataa. Kuhesabu maneno hakukuonyeshi hasara hiyo, maana imefichwa ndani ya kitenzi.

Kuhusu salamu sibishani sana. Kwa wenzako "Ndugu washiriki" yatosha. Kwa mkubwa wako ningetafuta nafasi ya salamu kwa kukata penginepo.

Na rangi? Hiyo ndiyo niliyoiacha kwa shingo upande, kwa sababu maneno yalitosha na watu hupenda kujua kisa cha kuhamishwa. Ujumbe ukitakiwa uwe wa maneno 33, inatoka ya kwanza, na samahani inaifuata. "Isipokuwa" inabaki.