Andika umbo la data, data yenyewe iache

Kuna mstari wa msimbo ambao karibu kila timu ya programu imewahi kuuandika, mara nyingi usiku, mfumo umekwama na simu za wateja haziishi:

```
logger.error("Ombi limeshindwa: %s", request.body)
```

Kusema kweli, mstari huo unasaidia. Hitilafu inapatikana, watu wanakwenda kulala, na mstari unabaki palepale. Siku ombi litakaloshindwa ni la kuingia kwenye akaunti, nywila ya mtu itaandikwa kwenye logi kama ilivyo, kisha itanakiliwa kwenye seva ya kukusanya logi, kwenye chelezo, na kwenye kompyuta ya yeyote aliyepakua faili ili achunguze.

Makampuni makubwa hayajasalimika. Mei 2018 Twitter iliwaomba watumiaji wake zaidi ya milioni 330 wafikirie kubadili nywila, baada ya kugundua kwamba zilikuwa zikiandikwa kwenye logi ya ndani kabla hatua ya kuzihashi haijakamilika. Septemba 2024 mamlaka ya ulinzi wa data ya Ireland iliitoza Meta faini ya euro milioni 91 kwa nywila zilizohifadhiwa kwenye mifumo yake ya ndani zikiwa zinasomeka. Hazikuwa zimefika mikononi mwa watu wa nje, na faini ikatozwa vilevile.

Dawa inayopendwa ni kichujio: kabla ya kuandika, tafuta sehemu iitwayo `password` na uifunike kwa nyota. Mimi sikiamini kichujio kikiachwa peke yake. Kinajua majina kiliyofundishwa tu. Leo mtu ataongeza `new_password`, kesho `pin`, keshokutwa tokeni ya kubadilisha nywila itawekwa ndani ya anwani ya ukurasa, na seva ya wavuti itaiandika kwenye logi yake yenyewe bila kupitia msimbo wenu hata kidogo. Tena kuna watumiaji wanaojaza nywila kwenye nafasi ya jina kwa haraka zao. Sehemu inaitwa `username`, kichujio kinaipitisha, na baada ya sekunde chache mtu huyohuyo anaingia salama kwa jina lake halisi. Anayesoma logi ana vyote viwili, kimoja chini ya kingine.

Kwa hiyo ninapendelea kugeuza utaratibu: hakuna kinachoandikwa mpaka kitajwe kwa jina kwenye orodha ya vinavyoruhusiwa. Sehemu mpya ikiongezwa na mtu akasahau kuiorodhesha, hasara ni logi yenye upungufu. Hasara hiyo naweza kuivumilia.

Wanaopinga husema logi za namna hiyo ni maskini, hazitasaidia mambo yakiharibika. Hapo ndipo tunapotofautiana. Mara nyingi anayetafuta chanzo cha hitilafu hahitaji thamani yenyewe. Anachohitaji ni umbo lake: ina urefu gani, ipo au haipo, ni ya aina gani, imekataliwa na kanuni ipi.

Chukua mfumo unaosajili watu kwa namba ya simu. Wachache wanalalamika kwamba namba zao zinakataliwa, ingawa ni sahihi. Logi inasema "namba si sahihi" na kunyamaza. Hapo kishawishi cha kuandika namba nzima ni kikubwa. Badala yake, timu inaongeza maelezo machache kwenye tukio la kukataliwa:

```
{"tukio":"sajili.namba","matokeo":"imekataliwa",
 "kanuni":"muundo","ombi":"7f3a91","urefu":15,
 "tarakimu":12,"alama_plus":true,
 "zisizoonekana":["U+202A","U+202C"]}
```

Namba ile ni alama ya kujumlisha na tarakimu 12, yaani herufi 13. Mbona urefu ni 15? Mbili za ziada zimetajwa hapo mwishoni: U+202A na U+202C ni herufi za Yunikodi zinazoelekeza maandishi yasomwe upande gani. Hazionekani kwenye skrini, lakini namba ikinakiliwa kutoka kwenye baadhi ya programu za anwani huja nazo. Ndiyo maana anayeiandika kwa mkono hapati shida, na anayeibandika anakataliwa. Suluhisho ni kuziondoa herufi hizo kabla ya kukagua. Hitilafu imepatikana na hakuna namba ya mtu iliyoandikwa popote. Zaidi ya hapo, hata kama namba nzima ingeandikwa, jicho lisingeziona zile herufi mbili.

Angalia pia kwamba zimeorodheshwa herufi zisizoonekana tu. Kuorodhesha kila herufi isiyo tarakimu kungeturudisha kwa yule aliyebandika nywila mahali pasipo pake.

Thamani ya `ombi` ni kitambulisho cha nasibu kinachotolewa ombi linapoingia, kisha kikapitishwa kwenye kila huduma linakopita. Kionyeshe kwa mtumiaji kwenye ujumbe wa kosa. Akipiga simu, akusomee `7f3a91`, nawe utafuatilia safari nzima bila kumuuliza barua pepe yake. Ukihitaji kujua matukio kumi ni ya mtu mmoja, tumia kitambulisho cha ndani cha akaunti. Hicho nacho bado ni data binafsi, kwa kuwa kinamwelekea mtu, ila ni lazima mtu awe na ruhusa ya hifadhidata ndipo ajue ni nani.

Usihashi namba ya simu kwa SHA-256 ukadhani umeificha. Namba zenye tarakimu tisa baada ya msimbo wa nchi haziwezi kuzidi bilioni moja, na kompyuta ya kawaida inaweza kuzijaribu zote kwa muda mfupi. Ikibidi, tumia HMAC yenye ufunguo wa siri uliohifadhiwa mbali na logi.

Sehemu inayosahaulika kuliko zote ni ujumbe wa makosa ambao hukuuandika wewe. PostgreSQL ikikataa barua pepe iliyokwisha kusajiliwa, hujibu hivi:

```
ERROR:  duplicate key value violates unique constraint "users_email_key"
DETAIL:  Key (email)=(mtu@example.com) already exists.
```

Msimbo wako unaweza kuwa safi kabisa, lakini ukiandika ujumbe huo mzima, barua pepe imo. Andika namba ya kosa, ambayo hapa ni `23505`, pamoja na jina la kizuizi. Hayo yanatosha kueleza kilichotokea. Logi ya hifadhidata yenyewe nayo itakuwa na mstari wa `DETAIL`, isipokuwa uweke `log_error_verbosity = terse`. Mpangilio huo haugusi sentensi ya SQL iliyoshindwa, kwa hiyo ukiunganisha thamani moja kwa moja ndani ya sentensi badala ya kuzipitisha kama vigezo, zitaonekana tu.

Utajuaje kama umefaulu? Tengeneza akaunti ya majaribio yenye nywila isiyofanana na kitu chochote, tuseme `zq-mtego-84kx`. Ingia nayo kwa usahihi, kisha ikosee, ijaze kwenye nafasi ya jina, na uitume hifadhidata ikiwa imezimwa. Halafu itafute kila mahali:

```
grep -rF "zq-mtego-84kx" /var/log/
```

Itafute pia kwenye seva ya mbele, kwenye foleni za ujumbe na kwenye huduma inayopokea ripoti za makosa, kwa sababu baadhi ya huduma hizo huambatisha thamani za vigeu vyote vilivyokuwepo msimbo ulipoanguka. Jaribio hili liwe sehemu ya majaribio ya kila toleo. Likipata hata mstari mmoja, toleo lisitoke.