Bei za washindani kila wiki: msaada au mtego?

"Nimewekewa programu inayokusanya bei za washindani mtandaoni na kunipa muhtasari kila Jumatatu. Nipange bei zangu kwa kuifuata?"

Tuseme muhtasari unaonyesha sabuni ya unga ya mshindani imeshuka kutoka 100 hadi 95. Mwenye duka naye anashusha. Baadaye anafungua ukurasa wenyewe na kukuta pakiti iliyokuwa ya gramu 1000 sasa ni ya gramu 900. Kwa kilo moja, bei imepanda hadi karibu 105.6. Programu ilisoma namba sawasawa, ila haikulinganisha uzito. Ndiyo maana jedwali linahitaji safu ya uzito na ya bei kwa kilo, na bidhaa zioanishwe kwa msimbopau kila unapopatikana, kwa kuwa majina yanafanana mno.

Kosa jingine huja bidhaa inapoisha. Bei ikitoweka ukurasani, programu iliyoandikwa kwa haraka huweka 0, na muhtasari unatangaza punguzo la asilimia 100. Hilo angalau linachekesha na hugundulika upesi. Sahihi ni kuacha nafasi wazi na kuandika "haipo". Kwa mwenye duka, taarifa hiyo ina thamani kuliko punguzo lolote: jirani akiishiwa, hakuna sababu ya wewe kushusha.

Wanaoutetea mpango huu wana hoja. Kukagua bidhaa 40 kwa mkono kila wiki kunachosha, na mtu aliyechoka huruka mistari. Tena mteja akidai kwingine ni nafuu, unayo kumbukumbu.

Wasiwasi wangu uko kwenye hesabu inayofuata. Bidhaa uliyonunua kwa 80 ukiiuza 100 inakuachia 20. Ukishusha hadi 95 inakuachia 15. Kama ulikuwa unauza 60 kwa wiki, sasa lazima uuze 80 ili ubaki palepale. Ukurasa wa mshindani haukuambii yeye alinunua kwa kiasi gani, wala kama anakubali hasara ili kuvuta wateja.

Halafu kuna ruhusa. Bei iliyo wazi kwa kila mpita njia si siri, lakini faili la robots.txt, linaloeleza programu kurasa zipi za tovuti zisisomwe, na masharti ya tovuti yasomwe kwanza. Mwaka 2015, katika kesi ya Ryanair dhidi ya PR Aviation, Mahakama ya Haki ya Ulaya ilisema mwenye tovuti anaweza kuweka mipaka kwa mkataba hata kama hifadhidata yake hailindwi na sheria ya hifadhidata.

Kwa hiyo muhtasari uendelee, ila usiguse bei wenyewe. Badiliko lolote linalozidi asilimia 20 mtu alifungulie ukurasa na kulitazama kwa macho. Na ofa iliyoanza Jumanne ikaisha Ijumaa haitaonekana kabisa Jumatatu.