Halali ya pakiti na halali ya kisu

"Kaka, huku Leicester kuku wa dukani ameandikwa halali kwa Kiarabu na kwa Kiingereza, lakini jirani yangu Mpakistani hamli. Anasema alipigwa shoti ya umeme kabla ya kuchinjwa. Mimi nimekulia Tanga, halali ninayoijua ni bismillahi na kisu. Nimle au nisimle?"

Mdogo wangu, nianze na kisu cha babu, maana unakikumbuka. Alikuwa akikinoa nyuma ya nyumba, mbuzi akiwa uani, asikione. Tulidhani ni mazoea ya mzee tu, kumbe ni hadithi iliyopokewa na Shaddad bin Aws, imo katika Sahihi Muslim: mkichinja chinjeni vizuri, na mchinjaji anoe kisu chake na amstareheshe mnyama wake. Babu alimlaza mbuzi kwa ubavu wa kushoto, shingo ikaelekea kibla, akataja jina la Mwenyezi Mungu, kisha akavuta kisu mara moja bila kukiinua. Hakuvunja shingo wala hakugusa uti wa mgongo. Aliyeshika kiwembe cha kuchuna alingoja hadi miguu itulie kabisa.

Si yote hayo yana uzito mmoja. Kwa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya watu wengi wa pwani yetu, kinachofanya nyama iwe halali ni kukatika njia mbili: ya pumzi na ya chakula. Mishipa mikubwa miwili ya shingo ni sunna kuikata, ingawa kisu kikali hakiiachi. Kuelekea kibla ni sunna. Hata bismillahi, kwa Shafi, ni sunna iliyotiliwa mkazo. Jirani yako yaelekea ni Hanafi, na kwao hesabu ni nyingine: njia tatu kati ya hizo nne lazima zikatike, na mchinjaji akiacha kutaja jina la Mungu kwa makusudi, nyama hailiki. Kwa hiyo nyinyi wawili mnaweza kutazama pakiti moja mkauliza maswali tofauti, na kila mmoja ana msingi wake.

Lakini liko sharti moja ambalo hakuna madhehebu yanayolipinga: kisu kimkute mnyama angali hai, na kifo chake kitokane na kisu hicho. Aya ya tatu ya Sura Al-Maida inawataja aliyenyongwa, aliyepigwa, aliyeanguka na aliyeumizwa kwa pembe, kisha inamtoa yule mliyemuwahi kumchinja. Sisi tunamwita kibudu yule ambaye hakuwahiwa. Ubishi wote wa umeme, ukiuchambua, ni ubishi wa kibudu.

Sasa tazama machinjio ya kawaida ya Ulaya. Huko sheria inataka mnyama apoteze fahamu kwanza, ndipo atolewe damu. Ng'ombe hupigwa kwenye paji la uso kwa bastola isiyo na risasi, yenye chuma kinachochomoka, kutoboa fuvu na kurudi. Kisha mara nyingi hachinjwi shingoni kama tunavyojua, bali huchomwa kisu kifuani, kwenye mishipa mikubwa inayotoka moyoni. Kuku wengine huingizwa kwenye chumba cha gesi. Kwa utaratibu huo, mnyama akifa kabla ya kisu hakuna anayejali, alimradi hakuumia na damu imetoka. Hapo ndipo njia zinapoachana. Tofauti si usafi wala ukali wa kisu. Ni iwapo kifo cha kabla ya kisu kinavumilika au hakivumiliki.

Tuje kwa kuku wako. Kuku hutundikwa kwa miguu, kichwa chini, kwenye mnyororo unaotembea. Mnyororo unapitisha vichwa vyao kwenye beseni la maji yenye umeme, kwa sekunde 4 au zaidi. Wakitoka hapo wamelegea, wanakutana na mchinjaji. Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 1099 ya mwaka 2009, iliyoanza kutumika Januari 2013, imeweka viwango vya umeme huo, na ndani ya viwango hivyo umejificha mgogoro wenyewe. Umeme wa masafa ya chini, ulio karibu na ule wa ukutani, unazimisha fahamu kwa uhakika na kwa muda mrefu, lakini mara nyingi unasimamisha moyo. Umeme wa masafa ya juu hauui kwa urahisi, lakini kuku huzinduka upesi, pengine kabla damu haijaisha, asipochinjwa haraka na vizuri. Mtetezi wa wanyama anauogopa wa pili. Muislamu anauogopa wa kwanza. Kila mmoja anaogopa jambo la kweli.

Ongeza hili: ndani ya beseni kuna kuku kadhaa kwa wakati mmoja, na hawalingani unene, manyoya wala mafuta. Umeme unagawanyika kati yao bila usawa, mmoja akapata mwingi na mwenzake kidogo. Anayesimamia halali ana jaribio moja la haki: anamtoa kuku kwenye mnyororo baada ya beseni na kabla ya kisu, anamweka chini na kungoja. Akianza kupumua kwa mpangilio, akainua kichwa, akasimama, basi alikuwa hai. Akibaki vilevile, kibudu. Jaribio ni zuri, lakini linamsemea kuku huyo tu. Wale waliopita pembeni yake hawakupimwa.

Na mwendo nao. Tuseme mnyororo unapitisha kuku 6,000 kwa saa, ambao ni 100 kwa dakika, na wachinjaji wako wanne. Kila mmoja anapata kuku mmoja kila sekunde 2.4. Ndani ya muda huo ashike shingo, ataje jina la Mungu, akate. Inawezekana, lakini ukiwa zamu ya muda wa saa nane mkono unachoka na ulimi pia. Ndiyo sababu viwanda vingine vimeweka kisu cha mashine kinachozunguka, mtu mmoja akisoma bismillahi anapokiwasha, na mwingine akisimama nyuma kukata waliopitwa. Kuna wanazuoni walioruhusu na kuna waliokataa. Mimi nimeshika kisu machinjioni kwa miaka, na hili la mashine moyo wangu haulikubali. Mwongozo wa Codex, tume ya kimataifa ya viwango vya chakula, wa mwaka 1997 kuhusu matumizi ya neno halali unasema jina la Mungu litajwe papo hapo kabla ya kuchinja kila mnyama, na naona ndiyo maana iliyokusudiwa tangu mwanzo.

Upande wa umeme una hoja nzito, na si haki kuzipita. Kisu kikali kwa kondoo huzima fahamu ndani ya sekunde chache. Kwa ng'ombe inaweza kuchukua muda mrefu zaidi, kwa sababu ana mishipa inayopeleka damu kwenye ubongo kupitia ndani ya mifupa ya shingo, na kisu hakiifikii. Wakati mwingine ncha za mishipa iliyokatwa hujikunja na kuziba, damu ikapungua mwendo na mnyama akabaki na fahamu. Ndiyo maana sheria ya Uingereza inataka mnyama aliyechinjwa bila kuzimishwa asisogezwe mpaka apoteze fahamu, na si chini ya sekunde 20 kwa kondoo na 30 kwa ng'ombe. Na ile kauli yetu kwamba umeme unabakisha damu kwenye nyama haina nguvu tunayoipa. Vipimo vilivyolinganisha wanyama waliozimishwa na wasiozimishwa havikuonyesha tofauti kubwa ya damu iliyotoka. Mtu akiniambia anamkataa kuku wa umeme kwa sababu ya damu, namwambia atafute hoja nyingine, nayo ipo: hana hakika kuku alikuwa hai.

Kwa kondoo hali ni nyepesi zaidi. New Zealand, inayouza nyama nyingi ya kondoo nchi za Kiislamu, hutumia umeme unaopita kichwani tu, usiofika moyoni. Kondoo akiachwa bila kuchinjwa anazinduka na kwenda zake. Malaysia nayo inakubali kuzimisha kwa masharti kwamba mnyama asife wala asipate jeraha la kudumu. Kwangu mimi hoja hiyo inasimama: kondoo huyo ni hai, kisu ndicho kilichomuua, basi analiwa. Kwa kuku wa beseni siwezi kusema kwa nguvu ileile.

Sasa soma pakiti. Neno halali peke yake, hata likiandikwa kwa Kiarabu kizuri cha kijani, ni kauli ya muuzaji. Tafuta nembo ya chombo kilichothibitisha. Hapo Uingereza utakutana zaidi na viwili: HMC, yenye makao yake hapo hapo Leicester, haikubali kuzimisha wala kisu cha mashine. HFA inakubali kuzimisha kusikoua. Nembo zote mbili ni za halali, na zinatoa majibu tofauti kwa swali la jirani yako. Baadhi ya pakiti huandikwa kwamba kuku amechinjwa kwa mkono. Soma kwa makini, kwa sababu aliyechinjwa kwa mkono anaweza kuwa amepita kwenye beseni kwanza. Kinachojibu ni maneno yanayosema hakuzimishwa. Ule muhuri wa umbo la yai wenye herufi za nchi na namba ni wa kiwanda na afya, hauhusiani na halali, kama vile muhuri wa mkaguzi kwenye paja la ng'ombe wa bucha letu. Lakini namba hiyo ina faida: ukiiandikia taasisi ya nembo ukataja namba, wataweza kukuambia kiwanda hicho kinachinja vipi.

Wapo pia majirani zako wasio Waislamu wanaolalamika kuwa wanauziwa nyama ya mnyama asiyezimishwa bila kuambiwa, kwa kuwa sheria hailazimishi kuandika. Nawaelewa kabisa, maana ni haki ileile tunayoidai sisi. Njia ya kuchinja ikiandikwa wazi kwenye kila pakiti, yenye nembo na isiyo na nembo, kila mtu atajua analolipia.

Nyumbani hatukuhitaji pakiti. Tulimjua mchinjaji, na katika machinjio yetu mengi mchinjaji kwa desturi ni Muislamu. Nyama ya kufungwa ndiyo imeleta vyeti vya BAKWATA kwa Tanzania na vya KBHC kwa Kenya, na maswali ya kuuliza ni haya haya.

Basi kuku mwenye nembo ya chombo kisichokubali kuzimisha, mle. Mwenye nembo ya chombo kinachokubali, kuna wanazuoni waliomhalalisha na sithubutu kumwita haramu, lakini mimi nikiwa na hiari namwacha. Asiye na nembo yoyote, mrudishe rafuni. Na ukialikwa kwa Muislamu mwenzako, usimhoji. Watu walimwambia Mtume kwamba wanaletewa nyama wasiyojua kama ilitajiwa jina la Mungu, akawaambia: tajeni nyinyi jina lake, mle.