Sampuli ni bure, nauli si yangu

Jumamosi binti wa dada yangu alinipigia kutoka Muheza, sauti imemkauka. "Mjomba, wameniambia mzigo umekataliwa, nilipe kuurudisha." Mzigo wenyewe ni nusu kilo ya iliki. Kwenye boksi la viatu. Boksi la viatu!

Nieleze. Ana miaka miwili tangu aanze kukusanya iliki kwa wakulima wa Amani. Miezi mitatu iliyopita wanunuzi wanne wa nje walimwandikia ndani ya wiki mbili, wote wakiongea lugha moja: tutumie sampuli, tukiipenda tunachukua tani. Akaona riziki imebisha hodi. Akarusha maboksi manne kwa ndege, kwa fedha zake. Wawili wakanyamaza kimya mpaka leo. Wa tatu akasema rangi nzuri, halafu naye akapotelea hukohuko. Wa nne alipopigiwa simu alipie ushuru na kodi ya kuingiza mzigo, akasema hakuna aliyemwambia habari ya kulipa, akaukataa. Na kampuni ya kurusha, kama ilivyo kwenye yale masharti ya maandishi madogo ambayo hakuna anayeyasoma, ikamgeukia mtumaji.

Tupige hesabu, maana hapa ndipo hasira yangu ilipo. Iliki tuliichukua kwa elfu arobaini kilo. Nusu kilo mara nne ni kilo mbili, elfu themanini. Si pesa ya kumliza mtu. Nauli ya kila boksi ilikuwa laki moja na sabini. Mara nne, laki sita na themanini. Yaani alichotoa sadaka si iliki, ni nauli. Watu wetu wakisikia "sampuli ya bure" wanawaza bidhaa, kumbe mnunuzi anawaza mzigo uliofika mezani kwake. Kati ya maana hizo mbili kuna laki sita.

Halafu lile boksi. Hawa wanaorusha mizigo hawapimi uzito peke yake, wanapima pia nafasi. Unachukua urefu, upana na kimo kwa sentimita, unazidisha, unagawa kwa 5,000, jibu ni kilo. Kati ya kilo hizo na za mizani, wanakutoza zilizo kubwa, na wanasogeza juu hadi nusu kilo inayofuata. Boksi lake lilikuwa 34 kwa 22 kwa 13. Fanya hesabu: kilo 1.94, yaani mbili. Nusu kilo ya iliki imesafiri kwa nauli ya kilo mbili, iliyobaki ni magazeti aliyojazia pembeni ili isitikisike. Iliki ni nyepesi, lita moja ya ile nzuri ina kama gramu 400 tu, kwa hiyo nusu kilo inaenea kwenye boksi la 20 kwa 15 kwa 10, ambalo linahesabiwa kilo moja. Nilimwambia, "Mama, umelipia hewa." Alicheka kidogo. Kidogo sana.

Sasa msimamo wangu, na najua kuna watakaosema nina roho ngumu. Mnunuzi asiyekubali kulipa nauli ya sampuli si mnunuzi. Mtu anayekuambia ataleta kontena kila mwezi anashindwaje na laki moja na sabini? Kama zinamshinda hizo, kontena atalilipia na nini? Nauli ndiyo inayonionyesha kama mwenzangu naye ameweka kitu mezani. Kuna watu huko nje wanakusanya sampuli kama wengine wanavyokusanya kadi za harusi: kilo hapa, kilo kule, kwa wauzaji ishirini, na mwisho wa mwezi wana gunia la iliki ambalo hawajalitolea senti. Ukiona mtu anaomba kilo tano "za kuonja", jua anafungua duka.

Haya, nikiri kidogo. Mnunuzi naye ameumwa na nyoka. Amewahi kuletewa sampuli ya kijani kibichi, iliyochaguliwa punje kwa punje mezani, halafu mzigo ukafika umefifia rangi kwa kuanikwa juani, nusu ya maganda yamepasuka. Hilo tunalifanya sisi, tusijifiche. Kwa hiyo sampuli ichotwe kutoka magunia mbalimbali ya mzigo uleule utakaouzwa, chini, katikati na juu, ichanganywe, igawanywe mara mbili. Chota kwa mkono, lile bambo la mahindi linakwama kwenye maganda. Nusu moja inakwenda, nusu inabaki kwako ndani ya mfuko uliofungwa, imeandikwa tarehe na namba ya mzigo, gizani. Siku ya ugomvi ndiyo shahidi wako.

Na mteja aliyekwisha kununua, huyo nauli nalipa mimi, bila maneno.

Kwa hao wengine, tuliketi Jumapili tukaandika maneno ya kujibu kila anayeomba sampuli, kabla hata hajauliza nani analipa. Yako hivi:

"Gramu 200 za iliki tunakupa bure. Ukihitaji zaidi kwa ajili ya maabara, utalipia shilingi 40,000 kwa kilo, nasi tutazikata kwenye ankara ya oda yako ya kwanza, ikiwa ni kilo 100 au zaidi na imewekwa ndani ya siku 90. Nauli ya kurusha, pamoja na ushuru na kodi za nchini kwako, ni juu yako. Tutakutumia vipimo vya boksi na bei ya nauli kwanza. Mzigo utaondoka nauli ikishalipwa."

Zile kilo 100 na siku 90 nilizing'ang'ania mimi. Bila hizo, mtu ataagiza kilo tatu mwakani na kudai umrudishie pesa ya sampuli. Gramu 200 zinamtosha kuona rangi, kupima ukubwa wa maganda, kupasua machache aone kama mbegu ni nyeusi na zinanata, na kutafuna.

Wengine watakupa namba ya akaunti yao ya kampuni ya kurusha, uiandike kwenye fomu kama mlipaji. Ni sawa, lakini piga kwanza kuuliza kama iko hai. Akaunti ikigoma, ankara inakurudia wewe, na boksi limeshafika. Mimi napenda zaidi waagize wenyewe mtu wa kuja kulichukua.

Tukayatuma kwa watatu walioomba wiki hii. Mmoja alijibu kwa matusi ya kistaarabu, kwamba makampuni makubwa hayafanyi hivyo. Labda. Makampuni makubwa hayasafirishi kwa boksi la viatu pia.

Wa pili kimya.

Wa tatu ni mzee mmoja wa Maskati, anaandika Kiswahili cha Unguja kabisa. Binti alinisomea jibu lake kwenye simu: "Mwanangu, nauli nimekufahamu. Ila usiirushe, nina mpwa wangu yuko Unguja, anarudi huku Alkhamisi. Mpelekee gramu mia mbili hizo, na unipimie nyengine kilo ya maabara, nakulipa. Niambie tu, boksi lina ukubwa gani, mkoba wake mdogo."

Ndiye wa kwanza kuuliza ukubwa wa boksi.