Almasi za Waja Leo

Kibanda changu kipo Ngamiani, hapa hapa Tanga. Nauza vocha na maji ya baridi, natoa na kuweka pesa. Ukutani nimebandika karatasi niliyoiandika mwenyewe kwa kalamu nyekundu: USIMPE MTU NAMBA YA SIRI, HATA MIMI. Wazee wakija na ujumbe wa "ile pesa tuma kwenye namba hii", mimi ndiye ninayewasomea, nawacheka kidogo, halafu nawaelekeza waripoti 15040. Kwa hiyo haya ninayosimulia yamemkuta mtaalamu.

Nina miaka 41 na nacheza gemu la risasi kwenye simu, ambalo pesa yake ya humo ndani inaitwa almasi. Tusigombane. Jumamosi moja usiku, nimeshafunga kibanda, nipo kibarazani na kikombe cha chai, chati ya kikosi chetu ikaleta ujumbe kutoka kwa Kocha, fundi pikipiki wa mtaa wa pili: "Ndugu zangu, almasi 5,000 bure kwa wachezaji wa zamani. Nimeshapokea zangu. Zimebaki nafasi 12." Chini yake, linki. Sasa Kocha huyu ninayemjua mimi hajawahi kuweka nukta mwishoni mwa sentensi tangu azaliwe. Siku ile kaweka tatu, na koma juu yake, nami nikafurahi kwamba rafiki yangu anaendelea kielimu.

Linki yenyewe ilikuwa hivi, ila majina nimeyabadilisha:

```
gemuletu.com.almasi-bure.example/ingia
```

Mimi nikaona "gemuletu.com" pale mwanzo, roho ikatulia. Kuna na kale ka kufuli juu, basi nikasema hapa pana ulinzi. Ukurasa ukafunguka, rangi zile zile, nembo ile ile, ukaniomba barua pepe na paswedi. Nikaandika. Ukasema paswedi si sahihi. Nikajaribu ile ninayotumia kwingine. Si sahihi. Nikaweka ya tatu, ile ya zamani ya jina la mama na mwaka. Hiyo ikapita! Nilijisikia kama mtu aliyepata jibu la hesabu. Mpwa wangu ndiye aliyekuja kuniambia baadaye kwamba ukurasa ule haukuwa na uwezo wa kujua ipi ni sahihi. Umetengenezwa ukatae mara mbili ili mtu amwage paswedi zote alizonazo.

Kisha ukaniomba namba sita zilizotumwa kwenye simu. Meseji ikaingia, na ndani yake imeandikwa usimpe mtu namba hizi. Nikaisoma kwa sauti, nikatikisa kichwa kuafiki, nikazichapa. "Hongera! Almasi zako zitafika ndani ya saa 24." Nikanywa chai.

Dakika kumi hivi baadaye gemu likanitoa nje. Najaribu kurudi, linanikataa. Simu ikaita, ni kijana mmoja wa kikosini: "Anko, ahsante kwa ile linki ya almasi, ila mbona inakataa paswedi yangu?" Linki gani tena? Kumbe wakati mimi nanywa chai, nilikuwa nagawa almasi kikosi kizima, kwa koma na nukta.

Mpwa wangu yupo kidato cha pili, alikuwa ndani anafanya hesabu. Nilimwita kwa sauti ya mtu aliyeona nyoka.

"Mjomba, umegusa linki tu, au umeandika kitu?"

"Kuna tofauti?"

"Ipo. Ukigusa tu ukafunga, mara nyingi hakuna alichopata. Umepakua programu yoyote?"

"Hapana."

"Ungepakua, hii simu nisingeishika kubadilishia paswedi, ningechukua nyingine. Umeandika nini?"

Nikamtajia. Alinyamaza muda ambao sikuupenda, kisha akanionyesha ile linki. Jina la mwenye ukurasa, anasema, linasomwa kuanzia mkwaju wa kwanza kurudi nyuma. Kabla ya mkwaju pana `almasi-bure.example`. Huyo ndiye mwenye nyumba. Hilo "gemuletu.com" la mwanzo ni pambo, mtu anaandika anachotaka. Na kufuli linasema tu kwamba njiani hakuna anayechungulia, halisemi unayeongea naye ni nani. "Halafu mjomba, ulikuwa tayari ndani ya gemu. Gemu linakuombaje uingie?" Ni kweli. Nimekaa ukumbini kwangu, mtu kapiga hodi ananiomba ufunguo ili anikaribishe ndani.

Mimi nilitaka tukimbilie gemu, maana mchezaji wangu ana koti la chui. Akakataa katakata. Barua pepe kwanza, kwa sababu gemu ukisema umesahau paswedi, linakutumia linki huko huko. Mwenye barua pepe ana funguo za nyumba zote. Bahati simu yangu ilikuwa bado imo ndani. Akaingia kwenye mipangilio ya usalama, sehemu ya vifaa, na pale pana kifaa nisichokijua kimeingia dakika kumi na tano zilizopita. Akabadilisha paswedi, akakitoa kile kifaa na vingine vyote, maana kubadilisha paswedi peke yake si kila mahali kunamfukuza aliyekwisha kuingia. Akatazama anwani ya kurejeshea akaunti: mgeni ameshaweka ya kwake. Akaifuta. Zile paswedi nyingine mbili nilizomwaga, tulizibadilisha kila zilipokuwa zinatumika, mpaka saa sita usiku. Kikosini, kwa akaunti ya yule kijana, tukaandika: msiguse, si mimi.

Akaunti ya gemu ilikuwa imekwisha hamishwa. Tukawaandikia wahudumu wa gemu kupitia fomu yao, nikasubiri. Siku mbili, kimya. Siku ya tatu mpwa akanipeleka steshenari, akaifungua barua pepe yangu kwenye kompyuta, akaenda kwenye vichujio. Pale mwizi kaacha agizo: barua yoyote yenye jina la gemu iende moja kwa moja kwenye takataka. Kwenye programu ya simu tusingeliona kamwe. Tukafungua takataka, majibu mawili ya wahudumu yamelala humo.

Walitaka namba ya mchezaji, aina ya simu, na risiti za manunuzi kuanzia ya kwanza.

Hapo ndipo msiba wenyewe ulipoanza. Risiti za almasi nilizokuwa nikinunua kimya kimya zikatolewa na mashine, karatasi moja baada ya nyingine, na mpwa wangu, mtoto wa hesabu, akazijumlisha. Akazipeleka nyumbani. Mama Salma akazisoma zote kama anasoma barua ya mahakama. Shilingi 86,000.

"Baba Salma, si ulisema kibanda hakilipi?"

Akaunti ilirudi wiki iliyofuata. Koti la chui lipo. Almasi zangu halali, nilizonunua kwa hela yangu mwenyewe, zimebaki sifuri, mwizi kazimaliza. Tanga waja leo waondoka leo, na almasi nazo zimeshika desturi.

Mpwa akaweka uhakiki wa hatua mbili, kwa programu inayotoa namba sita zinazobadilika kila sekunde 30. Hata hizo, anasema, ukizichapa kwenye ukurasa wa mwizi zimekwenda, kwa hiyo kaiweka kwenye simu ya mke wangu, kwamba mimi bado naangaliwa.

Ijumaa iliyopita nimenunua simu nyingine, nataka kuingia. Nikaita jikoni: "Mama Salma, nisomee namba."

Akasoma nne, akanyamaza.

"Na mbili?"

"Mbili zina mazungumzo. Kuhusu ile 86,000."

Sekunde thelathini zikapita, tukaanza upya.