Sekunde 14 za ziada: kukata au kukaza mwendo?

"Kaka, shikamoo. Makala yangu ya dagaa imetoka dakika 26 na sekunde 14, kituo kinataka 26 kamili, na muziki nimeshauchanganya na sauti. Nikate, au niikaze mwendo yote?"

Marahaba, mdogo wangu. Wanaokaza mwendo wana hoja ya kweli. Ukiweka kasi ya asilimia 100.9 hakuna neno la mtu litakalopotea, na hutalazimika kufungua tena kazi ya sauti. Masikio nayo hayatalalamika. Hata ukiacha sauti ipande pamoja na kasi, haitafika robo ya nusu toni, na ukiwasha `Maintain Audio Pitch` haitapanda kabisa.

Tatizo liko machoni. Tunarusha fremu 25 kwa sekunde. Makala yako ina fremu 39,350 na nafasi uliyopewa inabeba 39,000, kwa hiyo fremu 350 lazima zitoke: moja katika kila 112, karibu kila sekunde nne na nusu. Kwa mtu aliyekaa anaongea, hakuna atakayegundua. Lakini ile picha ya mtumbwi unaopita mbele ya Jiwe la Bismarck itakuumbua. Mtumbwi utateleza vizuri, utashtuka kidogo mbele, kisha utateleza tena. Majina yanayopanda mwishoni yataonyesha hitilafu hiyo waziwazi zaidi, maana jicho linasoma kila mstari.

Programu inakupa njia mbili za kuficha mshtuko huo. `Frame Blending` huchanganya fremu jirani. Simamisha picha hapo utaona mitumbwi miwili hafifu, mmoja juu ya mwingine. `Optical Flow` hukisia mwendo na kutengeneza fremu mpya, na ziwa lenye viwimbi au matundu ya wavu ndiyo mahali inapokosea: ukingo wa mtumbwi huonekana kuyeyukia majini.

Wapo watakaokukumbusha kwamba filamu za fremu 24 zilirushwa kwa fremu 25 miaka mingi, kasi ikapanda kwa zaidi ya asilimia nne, na watu wakatazama bila shida. Ni kweli, ila pale hakuna fremu iliyotupwa. Kila fremu ilionyeshwa, kwa muda mfupi zaidi. Kwako zinatupwa, kwa hiyo mfano huo hautetei kukaza makala nzima.

Kukata nako kuna gharama zake. Ukishachanganya muziki, mkasi unakata picha na muziki kwa pamoja. Tuseme muziki wako una mapigo 96 kwa dakika: kila mapigo manne huchukua sekunde 2.5. Ukitoa sekunde mbili tu, msikilizaji anayetikisa mguu atakosa pigo hata kama hajui kwa nini. Toa 2.5, au 5, na iwe mahali pasipo na mtu anayeongea.

Halafu kuna yule mama wa Igombe. Anaulizwa bei ya dagaa, ananyamaza sekunde tatu huku akigeuza dagaa juu ya chanja, ndipo anajibu: "Inategemea mwezi." Mhariri mwenye haraka ataona sekunde tatu za bure. Mimi nisingezigusa. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka taa hazivuti vizuri na samaki wanapungua sokoni. Katika ukimya ule unamwona mtu anayepiga hesabu ya giza na mwanga kabla ya kutaja bei. Ukiukata, jibu lake litasikika kama la kukwepa.

Kwa hiyo, kwa makala hii, ningekata kwanza. Toa sekunde tano kwenye ziwa la mwanzo, na tano nyingine pale wanapopakia magunia mwaloni Kirumba. Zinabaki nne. Hizo zitoe kwa kukaza mahojiano mawili ya watu waliokaa, picha na sauti pamoja: yakiwa jumla ya dakika saba, kasi inapanda kwa chini ya asilimia moja, na hakuna kitu kinachokatiza mbele ya kamera. Kama maandishi ya tafsiri yako kwenye faili la pembeni, yasogeze nayo, la sivyo baada ya mkato wa kwanza yatachelewa kwa sekunde tano, na zaidi baada ya mkato wa pili.

Siku utakayopungukiwa badala ya kuzidi, usipunguze mwendo wa wanaoongea; watasikika wamechoka. Shikilia picha ya mwisho na uache sauti ya maji iendelee.

Ukimaliza, tazama mahojiano yale mawili kwenye runinga, si kwenye kidirisha cha kompyuta, ukikodolea midomo. Kisha peleka mshale mwisho kabisa wa kazi. Kama taimlaini inaanzia sifuri, fremu ya kwanza tupu baada ya picha ya mwisho isome `00:26:00:00`. Ikisoma `00:26:00:01`, bado kuna fremu moja ya kutoa.